Kushuti chakula kutoka juu: video inatetemeka, lenzi ina ukungu, hatua zinaruka, sauti chafu

Ukiweka simu juu ya sufuria umeiweka pale pabaya kuliko pote jikoni. Joto linapanda hapo, mvuke unapanda hapo, mafuta yanaruka kwenda hapo, na kila ukigonga kisu kwenye mbao mtikisiko unapanda na stendi mpaka kwenye simu. Kwa hiyo shida nyingi za video za kutoka juu zinatoka kwenye vitu vilivyogusana wakati havikutakiwa kugusana, kamera yenyewe mara nyingi haina kosa. Watu wanakimbilia kununua simu mpya wakati stendi yao imebanwa kwenye meza ileile wanayokatia nyama.

Nitatumia mfano wa luwombo ya kuku na karanga, yaani kuku wa mchuzi wa karanga anayefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, sababu ina kila balaa: majani ya mgomba yanayong'aa, sigiri ya makaa, mchuzi mzito, na ile dakika ya kufungua jani ambayo mtazamaji ndo anaisubiri na ndo hapohapo picha inageuka nyeupe. Ukiiweza luwombo, mapishi mengine ya Uganda kama katogo na rolex hayatakusumbua.

Picha inatetemeka

Kabla hujafanya chochote, rekodi klipu moja fupi ya majaribio. Sekunde kumi bila mtu kugusa kitu, kumi ukikata kitunguu, kumi ukitembea kuzunguka meza. Halafu itazame kwenye skrini kubwa kama unayo, ukiangalia kingo za meza tu, chakula kiache.

Kama imetulia mwanzo halafu ikaanza kucheza ulipokata, stendi inapokea mtikisiko wa meza. Hizi stendi za kubana kwenye ukingo wa meza ni nzuri kwa mtu anayechora au anayefungua simu kuzitengeneza, kwa mtu wa kukata na kukanda unga hazifai, na huwezi kuzikaza mpaka ziache. Dawa ni kuzitenganisha: stendi isimame sakafuni yenyewe, miguu yake isiguse mguu wa meza hata kidogo. Ikicheza ukitembea tu, sakafu ni ya mbao au miguu ya stendi haijakaa sawa, weka vipande vya mpira wa tairi chini ya kila mguu.

Kama inayumba polepole hata baada ya wewe kuacha kugusa, huo ni mkono mrefu wa stendi unaoning'iniza simu bila kitu cha kuvuta upande wa pili. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Simu na klampu yake tuseme ni gramu 350 na iko sentimita 60 kutoka kwenye nguzo. Ukichukua chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni kama gramu 500, inatakiwa ikae sentimita 42 upande wa nyuma ndo vipimane, sababu 350 mara 60 ni 21,000 na 500 mara 42 ni hiyohiyo. Sio lazima iwe kamili, mkono wenyewe nao una uzito, ila ukikaribia hapo utaona nguzo imeacha kuinama. Chupa ifunge imebanana na mkono, usiiache ining'inie kwa kamba ndefu, itaanza kubembea na umejitengenezea shida nyingine. Mguu mmoja wa stendi uelekee upande ilipo simu, na juu ya miguu weka mfuko wa mchanga, mfuko wa sukari wa kilo mbili uliojazwa mchanga unatosha kabisa.

Ukiwa na nafasi na unapika kila wiki, mi nakushauri uachane na mkono mmoja. Nenda Katwe, hapa Kampala, kwa mafundi wa kuchomelea, waambie wakutengenezee fremu ya paipu za mraba za inchi moja yenye umbo la goli, nguzo mbili na paipu moja juu, pana kuliko meza yako na miguu inayosimama sakafuni. Simu inakaa katikati ya ile paipu ya juu na haina pa kuyumbia kwa urahisi. Waambie waweke tundu za bolti ili uweze kupandisha na kushusha, usikubali wachomelee moja kwa moja, sababu utakuja kuhitaji urefu tofauti, nitaeleza kwenye mvuke.

Kuna mtetemo mwingine unaodanganya. Kingo za meza zimetulia tuli, ila picha ya sufuria inacheza-cheza kama iko chini ya maji. Hiyo stendi haihusiki, ni hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye sigiri na kupinda mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Inaonekana zaidi pembeni mwa sufuria, pale makaa yanapochungulia. Tumia sufuria inayofunika mdomo wa sigiri vizuri, au toa sufuria mezani ukitaka kuonyesha kitu kwa utulivu.

Na ya mwisho hapa, picha inajisogeza yenyewe kidogo kidogo kila mkono unapoingia na kutoka. Hiyo inaweza kuwa ile teknolojia ya simu ya kutuliza picha, kwenye baadhi ya simu inafikiri mkono wako ni dunia inayotembea, inajaribu kuufuata. Simu ikiwa imefungwa kwenye stendi, zima hiyo kitu kwenye seting kama simu yako inakuruhusu.

Picha imegeuka, imepinda, au inavuta fokasi

Haraka haraka hapa. Simu ikitazama chini haijui juu ni wapi, kwa hiyo unaweza kurekodi saa nzima ukakuta video imelala ubavu. Klampu ikikuruhusu, inua simu isimame kama unavyoishika kawaida, ilale upande unaoutaka, bonyeza rekodi, ndo uinamishe chini. Kwenye simu nyingi mwelekeo unashikwa pale unapoanza kurekodi na haubadiliki tena mpaka uzime.

Kwenye iPhone ukiwa modi ya picha na umewasha Level, simu ikitazama chini utaona misalaba miwili, ikikutana simu imelala sawa kabisa na meza. Panga hapo halafu hamia kwenye video. Na usitumie 0.5x kwa sababu tu stendi yako ni fupi, sahani za pembeni zitavutika ziwe kama mayai.

Fokasi na mwanga vifunge. Bonyeza chakula na ushikilie kidole mpaka uone imeandika AE/AF LOCK, kwenye Android nyingi utaona kialama cha kufuli. Usipofunga, kila mkono ukiingia picha inang'aa au inafifia, na kwenye luwombo inakuwa mbaya zaidi sababu jani ni kijani kizito na sahani ni nyeupe, simu haijui imfurahishe nani.

Mvuke

Hapa ndo watu wengi wanakwama, na wanakwama sababu wanaita vitu vitatu kwa jina moja. Picha imekuwa na ukungu, sawa, lakini ukungu uko wapi?

Funika sufuria na uangalie. Kama picha inasafika ndani ya sekunde chache, ulikuwa ni mvuke wenyewe uliosimama katikati ya lenzi na chakula. Kama picha inabaki na utandu laini kote halafu inasafika polepole, maji yameganda kwenye kioo cha lenzi. Kama haisafiki hata ukisubiri, na taa au mng'ao wa mafuta unaonekana na duara la mwanga kuzunguka, ni mafuta. Dawa ya kila kimoja ni tofauti, na ile ya kimoja inaweza kuharibu kingine: ukifuta mafuta na kona ya tisheti wakati lenzi ina maji, unayasambaza tu.

Tuanze na maji kwenye kioo. Mvuke ukigusa kitu chenye ubaridi kuliko wenyewe unageuka maji, na kioo cha simu iliyokaa asubuhi kwenye chumba cha Kampala ni baridi sana ukilinganisha na kinachotoka kwenye sufuria. Ndo maana dakika za mwanzo ni mbaya kuliko za mwisho, simu ikisharekodi muda inapata joto lake na kioo kinashika maji kidogo. Kwa hiyo iwashe mapema, rekodi hatua za kukata na kusaga kwanza, ukifika kwenye mvuke tayari ina joto. Ila usizidishe upande wa pili. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike hewa ikiwa kati ya nyuzi 0 na 35, na juu ya sigiri unazipita hizo bila kujua. Dalili ni skrini kufifia yenyewe, halafu rekodi kukatika. Ikifika hapo iondoe ikapumzike kivulini, usiipeleke kwenye friji, ukiirudisha kwenye joto itajaa maji ndani ya lenzi na hayo hufuti.

Mvuke wenyewe unauondoa kwa urefu na kwa upepo. Kamera kuu ya simu nyingi ikiwa sentimita 60 juu ya meza inaona upana wa kama sentimita 70 mpaka 80, na watu wengi wanaishia hapo. Ipandishe mpaka 90. Utaona meza nzima, sawa, lakini rekodi kwa 4K halafu wakati wa kuediti toa video ya 1080, unaweza kukata nusu ya upana bila kupoteza ubora wa hiyo 1080, na umerudi kwenye kama sentimita 55 hivi, inatosha sufuria na mikono miwili. Sentimita 30 ulizoongeza zinaupa mvuke nafasi ya kutawanyika kabla haujafika kwenye kioo.

Kisha feni ndogo ya mezani. Watu wanaielekeza kwenye sufuria, makaa yanawaka kwa hasira na majivu yanatua kwenye mchuzi. Iweke pembeni, juu ya mdomo wa sufuria kama sentimita 30, ipulize kulala kuelekea dirishani au mlangoni, kwa spidi ya chini kabisa. Inakata ile nguzo ya mvuke na kuusukuma pembeni bila kugusa moto. Mlango na dirisha viwe wazi hata bila video, makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua, hilo si la mzaha.

Sasa ile dakika ya kufungua jani. Dada mmoja anayepika huku Ntinda alikuwa analalamika kila akifungua luwombo picha inageuka nyeupe sekunde kama tano, na ikirudi jani limeshafunguka lote, yaani ile sehemu tamu imepotea. Alikuwa anafungua ikiwa bado ndani ya sufuria juu ya moto, kwa hiyo mvuke wa kifurushi na mvuke wa maji ya chini vinapanda kwa pamoja, na simu iko sentimita 50 tu juu yake. Tulibadilisha mpangilio, chakula hakikuguswa. Kifurushi kinatolewa kwenye sufuria na kuwekwa kwenye sahani mbali na stendi kama dakika tano. Halafu kinaletwa kwenye fremu kwenye meza isiyo na moto, kamba ya mgomba inafunguliwa, na jani linavutwa kwanza upande wa feni ili upepo uingie kwa chini na kuutoa mvuke upande wa pili. Simu ikapanda mpaka 90. Mvuke ukabaki kidogo tu, na mchuzi wa karanga ukaonekana na rangi yake.

Alivyoona akauliza, sasa mvuke wote umepotea si chakula kitaonekana kimepoa? Swali zuri sana. Mvuke kutoka juu hauvutii hata siku moja, sababu unautazama ukiwa na sahani nyeupe au mchuzi unaong'aa nyuma yake, unaonekana kama uchafu wa lenzi. Mvuke ni vitone vidogo vya maji, vinang'aa pale mwanga unapotoka nyuma yake kuja kwako na mbele yako kuna kitu cheusi. Kwa hiyo funga vifurushi viwili. Cha kwanza fungua kwa kamera ya juu, cha pili kiache kwenye moto mpaka mwisho, kilete kikiwa moto kabisa, simu iwe pembeni karibu usawa wa sahani, dirisha liwe nyuma ya chakula pembeni kidogo, na ukutani nyuma ning'iniza kitambaa cheusi. Sekunde nne za hiyo zinatosha, unaziingiza katikati.

Mafuta ni kazi ya kitambaa laini cha miwani, kikavu, kabla ya kila hatua ya kukaanga na baada yake. Fanya iwe tabia, usisubiri uone.

Hatua zinaruka

Dalili: kwenye klipu moja nyanya ziko pembeni, inayofuata ziko ndani tayari, kijiko kimehama, mtazamaji anaandika kwenye komenti "umeweka chumvi saa ngapi?" Chanzo ni kwamba moto haungoji kamera. Unakimbiza kitunguu kisiungue, unasahau kubonyeza rekodi.

Hatua ambazo hazihitaji sauti ya kukaanga, zifanye sufuria ikiwa nje ya moto. Weka alama za selotepu nne mezani, sufuria ikae humo kila inapotoka, na mkono wa sufuria au kile kishikio kielekee upande uleule. Ongeza kitu chako kwa utulivu, koroga, rudisha motoni. Kwa mchuzi wa karanga hii inasaidia mara mbili, sababu ukiukoroga nje ya moto haurukiruki, na mvuke ni kidogo. Kukaanga kitunguu ndo lazima kuwe motoni, hapo pima kila kitu mapema kwenye vibakuli.

Kila hatua iwe na vipande vitatu: sekunde tatu hakuna mkono, kitendo mpaka mkono unatoka, sekunde tatu tena hakuna mkono. Hizo sekunde tupu ndo utakazokatia. Ukizikosa utalazimika kukata katikati ya mkono, na ndo pale mtazamaji anaona umeruka. Mkono uingie kutoka upande mmoja siku zote, chini ya fremu ndo kawaida, sababu mtazamaji anajiona yeye ndo anapika.

Kwenye luwombo kuna mtego wa rangi. Jani kabla ya kupitishwa motoni ni la kijani hafifu na linavunjika, likishapitishwa linakuwa zito linang'aa na kukunjika. Ukirekodi kufunga leo na jani bichi likabaki pembeni kwenye fremu, umeshajichanganya. Toa majani yote ambayo hayajapita motoni kabla hujaanza kufunga. Na karanga zikikaa zinakuwa nzito, kwa hiyo ukitaka kurudia klipu ya kumimina, tengeneza nyingine, usiongeze maji kwenye ile ya zamani, rangi inapauka na itaonekana.

Sauti

Maiki ya simu iko mita moja juu ya chakula, karibu na feni, chini ya mabati. Haiwezi kukupa sauti nzuri hapo hata iwe simu ya bei gani. Dalili inayochanganya watu ni ile ya kelele kuvimba kila ukinyamaza: unaongea, kimya kidogo, halafu feni na boda za nje zinapanda. Simu inajiongezea sauti yenyewe pale inapodhani hakuna kitu. App inayokuruhusu kushika sauti kwa mkono inaondoa hilo, kama Blackmagic Camera, weka kilele kiwe karibu -12 dB na usiiguse tena.

Ila ushauri wangu ni kuacha kutafuta sauti na picha kwa wakati mmoja. Rekodi picha na feni yako ikiwa inawaka. Halafu zima feni, chukua simu nyingine au maiki ya kubana kwenye nguo, iweke sentimita 20 au 30 kutoka kwenye sauti yenyewe lakini pembeni, nje ya mvuke, na urudie: kisu kwenye kitunguu, kitunguu kikiingia kwenye mafuta, kamba ya mgomba ikifunguka, jani likipasuka. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya chakula inapanda kama 6 dB wakati kelele ya chumba inabaki palepale, hiyo haipatikani kwa kuediti. Maiki isiguse stendi wala meza, utasikia mgongano wa kila kitu unachoweka. Rekodi pia nusu dakika ya jikoni kukiwa kimya, utaitandaza chini ya klipu zote ili mikato isisikike.

Ukitaka kuongea huku unapika, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, ile alama kwenye sauti na ile picha ya viganja vikikutana ndo unazilinganisha. Kama ni maelezo tu, yaongee baadaye chumba cha kulala, nguo na godoro zinameza mwangwi, maiki ikae kiganja kimoja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili herufi p na b zisipige.

Mvua ikianza kwenye mabati, acha. Hakuna kifaa wala app itakayoitoa bila kuiharibu sauti yako, rekodi picha tu, sauti ifanye mvua ikikatika. Friji nayo zima wakati wa sauti, na weka funguo za nyumba ndani yake, hutatoka nyumbani na nyama ikaoza.